Simu inapopotea kiganjani: kutafuta kishikio, triga au pedi kwa mwenye mikono mikubwa

Mdogo wangu alikuja kwangu Area C, Dodoma, Jumamosi moja akitokea chuoni UDOM, mkononi ana simu ya inchi 6.7 anayochezea gemu za risasi, na kwenye begi ana vifaa viwili alivyonunua kwa nyakati tofauti. Cha kwanza kilikuwa kishikio cha plastiki chenye triga zake humohumo, yaani vitufe vya juu vinavyovutwa kwa kidole cha shahada. Cha pili kilikuwa pedi ndogo inayovutwa pande mbili, simu inakaa katikati. Vyote viwili vilikuwa vimemshinda. "Kaka, nikicheza na hivi vitu mikono inauma kuliko nikicheza mikono mitupu," aliniambia, akanionyesha gumba la kushoto ambalo hufa ganzi kila akimaliza mechi ya tatu.

Nilimwelewa haraka kwa sababu mikono yetu ni ya ukoo mmoja. Wake, ukipimwa kuanzia mkunjo wa kifundo cha mkono hadi ncha ya kidole cha kati, una sentimita 21.5. Mwanaume wa kawaida yuko karibu na 19. Kwa rula ni tofauti ndogo, ila vifaa vingi vya bei nafuu hutengenezwa kwa kumfikiria huyo wa 19, na kila sentimita inayozidi inalipwa na viungo vya vidole.

Tulikaa siku nzima tukitafuta kosa liko wapi. Nimepanga maelezo haya kwa dalili, kwa kuwa kishikio, triga na pedi vinatibu magonjwa tofauti. Mtu anayeumwa na uzito wa simu akinunua triga hatapona, na mwenye kioo kisichosoma mguso akinunua kishikio atakuwa amepoteza hela yake.

Gumba linakufa ganzi, kifundo kinauma

Shika simu kwa ulalo kama unataka kucheza, halafu jiulize ni nani anayeibeba. Utakuta vidole vya mwisho viko chini vinashikilia uzito, na mashina ya magumba yanazibana pembe za simu zisichomoke. Sasa gumba hilohilo linalobana ndilo linalotakiwa kuendesha joistiki, lile duara kwenye kioo la kumtembeza askari wako. Kwa mwenye mkono mdogo gumba hunyooka kulifikia duara la joistiki. Kwa mwenye mkono mkubwa duara liko karibu mno na ukingo, kwa hiyo gumba linakunjwa kama ndoana kwa nusu saa nzima, huku shina lake limekandamizwa na pembe ya simu. Hapo ndipo ganzi inapozaliwa.

Kabla hujatoa hata senti, ingia kwenye sehemu ya kupanga vitufe ndani ya gemu, sogeza joistiki sentimita moja na nusu kuelekea katikati ya kioo na uikuze kidogo. Fanya vivyo hivyo kwa kitufe cha risasi upande wa kulia. Cheza mechi mbili. Maumivu yakipungua waziwazi, tatizo lako ni gumba kukunjwa, na kishikio chenye kukirudisha nyuma kiganja kitamalizia kazi. Yasipopungua, angalia ubavu wa kidole cha mwisho. Ukikuta mstari mwekundu ulioachwa na ukingo wa simu, anayekuumiza ni uzito, na hapo hakuna mpangilio wa vitufe utakaokusaidia. Unahitaji kitu cha kushika. Na kama ganzi inakufuata hata usiku ukiwa umelala, acha gemu kwanza uende hospitali. Hilo si suala la kifaa tena.

Kishikio kinachofaa kwa mkono mkubwa kinapimwa kwa vitu viwili: urefu wa mpini na unene wake. Urefu ni rahisi. Bana kidole cha kati, cha pete na cha mwisho pamoja, upime upana wao kwenye vifundo. Hivyo vitatu ndivyo vitakavyoushika mpini, kwa sababu kidole cha shahada kitakuwa juu kwenye triga. Vya mdogo wangu vilipata sentimita 7. Mpini wa kishikio alichonunua ulikuwa na sentimita 5, maana yake kidole cha mwisho kilikuwa kinaning'inia hewani, na kidole kisicho na pa kukaa hujikaza chenyewe bila wewe kujua. Ukishika kishikio dukani, cha kutazama kwanza ni hicho kidole cha mwisho. Kikiwa nje ya mpini, rudisha.

Unene ndio unaowachanganya wengi, kwa kuwa picha za mtandaoni hazikuonyeshi. Sisi tuliutafuta kwa gazeti. Kunja gazeti liwe bomba, lishike kwa vile vidole vitatu, ongeza au punguza kurasa mpaka ncha za vidole zikaribie kiganja bila kukigusa. Zikichimba kiganja, bomba ni jembamba. Zikibaki mbali na vidole vikanyooka, ni nene kupita kiasi. Ukishapata unene wako, lifunge kwa uzi na upime mzunguko wake. La mdogo wangu lilitoka na sentimita 11. Tulifunga mabomba mawili ya namna hiyo nyuma ya simu kwa vipande vya mpira wa baiskeli, moja kila upande, akacheza nayo hivyohivyo jioni nzima. Haipendezi kuitazama, lakini ilituonyesha kabla ya kununua kwamba gumba lake halifi ganzi mpini ukiwa mnene kiasi hicho na ukitokeza nje ya pembe ya simu kwa sentimita 3 hivi.

Kutokeza huko nje ni muhimu kwa namna yake. Viko vishikio vinavyoishia palepale simu inapoishia, na mipini yake imeelekezwa chini tu. Hivyo vinaondoa uzito kwenye kidole cha mwisho lakini gumba linabaki limekunjwa. Mwenye mkono mkubwa atafute mipini inayotanuka kwenda nje, kama pembe za ng'ombe zinavyofunguka. Inavisogeza viganja mbali na kioo, na gumba linapata nafasi ya kunyooka kabla halijaifikia joistiki.

Kidole cha shahada kinachoka, au kinakosa triga

Dalili hii huja baada ya ile ya kwanza kutibiwa. Simu sasa inashikika vizuri, ila mgongo wa kidole cha shahada unauma kwenye kiungo cha kati, au unajikuta unaibonyeza triga kwa ubavu wa kidole badala ya tumbo lake.

Sababu ni mahali triga ilipo. Kidole kirefu kikipumzika juu ya ukingo wa simu kinafika ndani kuliko kifupi. Kama triga iko jirani na pembe, lazima ukikunje juu kama buibui ili ncha irudi nyuma kuifuata. Hapa ndipo kile kishikio cha kwanza kilipoanguka kabisa: triga zake zilikuwa zimeungwa na fremu, hazisogei. Aliyekitengeneza aliamua mahali pa kidole chako kabla hajakuona. Kwa mkono wa kawaida hilo linavumilika, kwa mkono mkubwa halivumiliki, na ndiyo maana ushauri wangu kwa mtu wa namna hii hauna mizunguko: nunua kishikio kitupu, na triga za kubana zinazouzwa peke yake. Triga za kubana unazisogeza kando ya ukingo hadi zikute kidole kilipo.

Kuzipanga, shika kishikio kwanza na uache vidole vya shahada vilale juu ya ukingo wa simu bila kuvilazimisha. Mtu mwingine aweke alama ya kalamu kwenye kava pale tumbo la ncha linapoangukia. Kwa mdogo wangu alama zilikuwa sentimita 5 kutoka pembe, upande wa kushoto na wa kulia. Bana triga hapo. Baada ya hapo ndipo unaingia kwenye gemu na kuvileta vitufe chini ya miguu ya triga. Watu wengi hufanya kinyume, wanaacha kitufe cha risasi kilipo na kuisogeza triga ikifuate, kisha kidole kinaifuata triga. Kitufe cha gemu kinahama kwa sekunde mbili. Kidole hakihami.

Jambo jingine la kuchungulia ni urefu wa ulimi wa triga, ile sehemu unayoivuta. Ulimi mfupi wa sentimita moja unamtosha mwenye vidole vyembamba. Kidole kinene kinauteleza, hasa kikiwa na jasho. Mpana na uliopinda kidogo kama kijiko unakaa vizuri zaidi.

Triga inabonyea lakini risasi haitoki

Hili ndilo lalamiko ninalolisikia kuliko mengine yote, na mara nyingi triga inatupwa wakati haina kosa. Triga za kawaida zisizo na betri hazina ujanja wowote ndani. Kuna kipande kinachopitisha umeme, kinaanzia kwenye ulimi unaougusa na kuishia kwenye mguu unaoshuka juu ya kioo. Kioo cha simu hutambua mguso kwa sababu mwili wako unabadilisha chaji ndogo iliyopo juu yake, na triga inauazima mwili wako tu. Jaribu kuubonyeza ulimi kwa kalamu ya plastiki: mguu utashuka na kioo hakitasikia kitu. Ukiujua huo mnyororo, yaani kidole, ulimi, mguu, kioo, basi kosa utalipata kwenye mojawapo ya hivyo vinne.

Usilitafute ndani ya gemu, huko mambo ni mengi. Android ina kifaa chake. Fungua mipangilio ya simu, ingia `About phone`, gusa `Build number` mara saba mpaka simu ikuambie umefunguliwa. Kwenye Samsung, `Build number` imekaa ndani ya `Software information`. Kisha rudi utafute `Developer options`, na humo uwashe `Show taps` na `Pointer location`. Sasa kila mguso unatokea kama kinukta, na juu ya kioo kuna mstari unaoandika kwa mfano `P: 2 / 3`. Namba ya kwanza ni vidole vinavyosomwa wakati huohuo, ya pili ni idadi kubwa iliyowahi kufikiwa tangu uanze kugusa.

Bana triga, bonyeza mara ishirini taratibu, hesabu vinukta. Triga nzima kwenye kioo kizima inatoa ishirini. Ya kushoto ya mdogo wangu ilitoa kumi na sita. Nilichukua ukanda wa karatasi ya daftari, nikaupitisha kati ya mguu na kioo, nikabonyeza na kuuvuta. Karatasi ilitoka bila kubanwa. Mguu ulikuwa haufiki chini, kwa sababu kava lake lina kingo nene zilizoinuka juu ya kioo na triga ilikuwa imekalia ukingo huo. Tulivua kava, karatasi ikabanwa, vinukta vikawa kumi na tisa.

Hicho kimoja kilichobaki kilikuwa cha protekta. Ziko protekta za kioo zenye gundi kingoni tu, katikati pana hewa. Kidole chenye nyama nyingi kinapenya hewa hiyo, mguu mdogo wa triga haupenyi kila mara. Utaitambua kwa kuitazama pembeni kwenye mwanga: katikati panang'aa kama mafuta juu ya maji, au unapobonyeza panadidimia kidogo. Weka yenye gundi pote. Samsung nyingi zina swichi ya `Touch sensitivity` kwenye mipangilio ya kioo, iliyowekwa kwa ajili ya protekta. Iwashe ujaribu kabla hujabandua chochote.

Upande wa kidole, wakaao Dodoma wanajua ngozi inavyokuwa Julai na Agosti, upepo mkavu na vumbi. Kidole kikavu kabisa kinaipa triga mguso dhaifu. Kuna siku triga ileile inasoma vizuri asubuhi baada ya kunawa na kukataa mchana. Kitambaa chenye unyevu kidogo kwenye ulimi na kwenye kidole kinatosha. Mafuta ya kupaka hayafai, yanaacha utando kwenye kioo na mguu unaanza kuteleza. Kama ulimi wa triga umepakwa rangi, angalia kama rangi imefunika chuma chote. Nimewahi kuiparua kwa msasa laini na triga "mbovu" ikafufuka.

Zipo pia triga za betri zinazogonga kioo zenyewe mara nyingi kwa sekunde. Hizo hazitegemei ngozi yako, ila zinafyatua kwa mapigo yanayolingana kuliko binadamu anavyoweza, na hapo unaingia kwenye eneo ambalo gemu inaweza kulihesabu kuwa udanganyifu. Sizipendekezi, hasa kwa mtu aliyejenga akaunti yake kwa miaka.

Ukifyatua, askari wako anasimama

Unakimbia, unavuta triga, ghafla askari anaganda au kamera inaruka pembeni. Wenye mikono mikubwa wanaipata hii zaidi, na chanzo chake cha kawaida ni nyama ya shina la gumba inayogusa kioo bila wewe kuhisi. Simu za leo zina kingo nyembamba, hakuna pa kuweka mkono pasipo na kioo.

Acha `Pointer location` imewaka, shika simu kama unacheza lakini usiguse kitu makusudi. Mstari wa juu unatakiwa usomeke `P: 0`. Kwa mdogo wangu ulisoma `P: 1`, na kinukta kilikuwa pembe ya chini kulia, palepale kiganja kilipovimbia. Ukiongeza magumba mawili ya kuchezea, kwa kioo hicho kilikuwa kidole cha tatu, na gemu ilikuwa inahangaika kati ya gumba na kiganja. Kishikio chenye mipini inayotanuka nje kinaitibu hii moja kwa moja, kwa kuwa kiganja kinahamia kwenye mpini.

Kama `P: 0` inasomeka vizuri, weka magumba mawili, kisha vuta triga moja, kisha ya pili. Namba ipande hadi 4. Ikikwama kwenye 2, na mguso wa tatu unafuta wa kwanza, kioo chenyewe hakiwezi zaidi ya hapo. Baadhi ya simu za bei ya chini ndivyo zilivyo. Hapo triga mbili hazitakufaa na hakuna kifaa cha kubana kitakachobadilisha hilo.

Sababu ya tatu ni chaja. Chaja duni huingiza kelele ya umeme kwenye kioo, na vinukta vinaanza kuruka vyenyewe. Chomoa chaja, hesabu tena. Vikitulia, umeshampata mwizi. Ukitaka kucheza huku unachaji, tumia pawabenki, na ujaribu kwanza na vinukta kabla ya kuingia mechi ya rankedi, ile ya kupandia cheo.

Kishikio kinabonyeza vitufe vya sauti, simu inachemka

Haya nayapitia haraka. Taya za kishikio zisitue juu ya vitufe vya sauti wala cha kuwashia. Simu ikigeuzwa upande wa pili vitufe vinahamia ukingo mwingine, na mara nyingi hilo linatosha. Pima upana wa simu ikiwa na kava ndipo ulinganishe na upana taya zinakofunguka. Simu ya mdogo wangu ina sentimita 7.6, na kava inafika 8. Taya zilizofunguka hadi mwisho zinachoka mapema, springi inalegea na siku moja simu inaruka.

Kuhusu joto, kishikio chenye mgongo mpana wa plastiki ni kama kuivalisha simu koti. Oktoba na Novemba hapa kwetu, kabla mvua hazijaanza, simu yenyewe tayari ina moto, na ikizidi inajipunguzia kasi, picha zinaanza kukatakata. Chagua kilicho wazi katikati.

Vipi kuhusu pedi?

Watu huiona pedi kama suluhisho kubwa zaidi, hivyo huikimbilia. Kwangu ni ya mwisho, na swali la kwanza halihusu mkono kabisa: je, gemu yako inaikubali? Call of Duty: Mobile inazo pedi kwenye mipangilio yake tangu mwaka 2019, na ukicheza nayo inakupanga na wengine wanaotumia pedi. PUBG Mobile haikuwekewa pedi kwenye simu. Zipo programu zinazogeuza kitufe cha pedi kuwa mguso wa kioo, lakini hizo ni programu za nje zinazoingilia gemu, na akaunti inaweza kufungwa. Gemu yoyote nyingine, ingia kwenye mipangilio yake utafute ukurasa wa pedi. Usipoukuta, hesabu kwamba haikubali, bila kujali boksi la pedi limeandikwa nini.

Mdogo wangu anacheza gemu zote mbili, na PUBG ndiyo anayoipenda. Kwa hiyo pedi aliyonunua ilikuwa haimfai nusu ya muda hata kama ingemtosha mkononi, na haikumtosha. Ni lile tatizo la mpini tena: pedi za kubana simu katikati nyingi zimetengenezwa nyembamba ili ziingie mfukoni. Hata Backbone One, ambayo ni kifaa kizuri, ina mipini mifupi na miembamba, na mwenye mkono wa sentimita 21 ataihisi. GameSir G8 Galileo na Razer Kishi Ultra zimefuata njia nyingine, mipini yake ina umbo kamili kama ya pedi ya kiweko cha gemu, mfano PlayStation. Ukienda upande huo, pima mambo matatu kwenye simu yako: urefu wake kamili, aina ya tundu, maana hizi hutumia USB-C na simu yenye tundu dogo la zamani haitaingia, na kama itakaa ikiwa na kava. Uvimbe wa kamera nyuma nao unaweza kuisukuma simu isikae sawa kwenye tundu, na kila ukivuta kwa nguvu pedi inakatika.

Njia ya bei rahisi ni pedi ya kiweko uliyonayo nyumbani, na kibanio cha kuishikilia simu juu yake, kwa Bluetooth. Mkono mkubwa utaipenda kwa sababu mpini ni wa kweli. Kasoro ni uzito: pedi na simu pamoja zinakaribia nusu kilo, na simu iko juu na mbele, hivyo kifundo kinavutwa kwenda mbele muda wote. Isimamishe simu mezani kwenye stendi, ubaki na pedi peke yake mikononi. Ila ukifanya hivyo unapoteza kulenga kwa kuiinamisha simu, kile kitu ambacho wachezaji wengi wa PUBG wamekizoea. Kishikio cha kubana kinakuachia kukitumia, kwa kuwa simu inainama pamoja na mikono yako.

Tulichoishia nacho

Kile kishikio chenye triga zisizosogea alimwachia rafiki yake chuoni mwenye mikono midogo, na kinamfaa sana. Pedi ameiweka kwa ajili ya Call of Duty siku mojamoja. Jumatatu tulizunguka mjini na kipande cha uzi wa sentimita 11 na rula, tukavizungushia uzi vishikio vya maduka matano mpaka tukapata kimoja chenye mpini wa sentimita 6.5 na mzunguko wa 10. Hakikufika vipimo vyetu. Tulikizungushia tabaka mbili za utepe wa kitambaa ule wa kufungia vishikio vya baiskeli, mzunguko ukafika karibu 11, na jasho halitelezi tena. Ule upungufu wa nusu sentimita wa urefu, kidole cha mwisho kinakaa nusu yake juu ya mpini, na anasema hakimsumbui.

Kava nene alibadilisha na jembamba lisilo na kingo za juu. Triga za kubana ziko sentimita 5 kutoka kila pembe, ya kushoto kwa kulenga kwa skopu, ya kulia kwa risasi, na joistiki imesogezwa ndani. Kwenye `Pointer location` mikono ikiwa imetulia inasomeka `P: 0`, na triga zote mbili zinatoa vinukta ishirini kwa ishirini. Wiki ya kwanza alilalamika kwamba analenga vibaya kuliko zamani. Nilipomuuliza kasi ya kamera, alikuwa ameiacha ileile ya wakati gumba limekunjwa. Gumba lililonyooka linatembea umbali mrefu zaidi kwenye kioo kwa msukumo uleule, kwa hiyo lengo lilikuwa linapita adui. Alipunguza kasi kidogokidogo, hatua moja kila siku, akasimama siku ya nne.